Mama yuko posti, mtoto analala wapi? Habari ya kreshi za usiku za Portland, 1943–1945

Wandugu, kwa sisi tuliokulia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, neno posti halihitaji maelezo. Kiwanda hakilali, basi watu wanagawanywa mara tatu: posti ya asubuhi, posti ya pili inayomalizika karibu na usiku wa manane, na posti ya tatu inayotoka jua likianza kupanda. Shida ni kwamba mji wenyewe unalala. Soko linafungwa, duka linafungwa, masomo na kreshi vinafungwa, bisi zinapungua mpaka zinaisha. Mtu wa posti ya usiku anaishi ndani ya mji uliofungwa milango.

Leo nataka kuwaandikia juu ya mahali pamoja ambapo watu walijaribu kufungua mji usiku, si kwa ajili ya bia na muziki, bali kwa ajili ya mama anayetoka kazini na mtoto wake na sahani yake. Ni Portland, mji wa jimbo la Oregon, upande wa magharibi wa Amerika. Kazi hiyo ilidumu miezi 22 hivi tu, kutoka mwezi wa 11 mwaka 1943 mpaka mwezi wa 9 mwaka 1945. Niliisoma kwa sababu moja ya kawaida kabisa, nitaisema mbele kidogo.

Tuanze na mwenye kazi. Henry Kaiser hakuwa mtu wa meli. Alikuwa mjenzi wa barabara na mabwawa. Kampuni yake ilikuwa kati ya zile zilizojenga bwawa la Hoover na lile la Grand Coulee. Vita ilipokaribia, serikali ya Amerika ilihitaji meli za mizigo nyingi kuliko zile zilizokuwa zinazamishwa baharini. Mwaka 1941 Kaiser akafungua shantye ya kwanza Portland, inaitwa Oregonship. Mwaka 1942 akaongeza mbili: Swan Island, palepale Portland, na ingine Vancouver, ng'ambo ya mto Columbia. Mtoto wake Edgar njo alisimamia zote tatu.

Namna yao ya kujenga ilikuwa ya wajenzi wa mabwawa: vipande vikubwa vinatengenezwa pembeni, kisha vinabebwa na kuunganishwa kwa kuchomelea. Mwezi wa 9 mwaka 1942 meli moja, Joseph N. Teal, ilishushwa majini siku 10 tu baada ya kuanzwa, na rais Roosevelt mwenyewe alikuwepo kuitazama. Kwa mwendo kama huo, shantye haiwezi kuzimwa jioni. Posti tatu, kila siku. Wanaume wengi walikuwa vitani, basi wakaita wanawake. Kuchomelea kunafundishika kwa wiki chache, na wamama wakaonyesha haraka kwamba mkono wao haupungui kitu. Wafanyakazi wa shantye zote tatu walikaribia 100,000, na karibu robo yao walikuwa wanawake.

Hapo njo biro ya Kaiser ilianza kuona shimo kwenye daftari ya kazi. Mtu ameandikwa, amefundishwa, ana kofia na miwani yake, lakini siku ya nne haonekani. Wakubwa wa kwanza walisema ni uvivu. Walipouliza vizuri, majibu yalikuwa mengine: mtoto amepata homa, jirani aliyekuwa anamlinda amepata yeye pia kazi kwenye shantye, nyama inauzwa kwa tiketi, na yule anayetoka posti anakuta bucha tupu. Mama wa posti ya pili anaamka, anafua, anapika, anapanga mstari dukani, kisha anaingia kazini akiwa amekwisha kuchoka.

Usafiri ulikuwa shida pia, na hapa kuna kamba inayofika mpaka kwetu. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani walichukua Malaya na visiwa vya pale, na mpira wa mashamba ya Asia ukapotea kwa Waamerika. Matairi yakaanza kugawiwa kwa kipimo, esansi pia, na nchi nzima ikawekewa mwendo usiozidi kilomita 56 kwa saa ili matairi yadumu. Portland watu walipakiana kwenye gari moja, watano watano, wa posti moja na wa mtaa mmoja. Wakati uleule, hapa kwetu, serikali ya kikoloni ilikumbuka tena mpira wa porini. Mwaka 1942 Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliruhusu kazi ya lazima ya vijijini kutoka siku 60 kwa mwaka mpaka 120, na babu zetu wakarudishwa msituni kutafuta mipira. Tairi la mama wa Portland na mguu wa mwanakijiji wa Equateur vilikuwa kwenye hesabu moja. (Ya Shinkolobwe, iliyolisha kazi ya Hanford kando ya mto huohuo wa Columbia, tuiache kwa siku ingine.)

Nataka pia mkumbuke namna Katanga ilivyokuwa wakati huo, kwa sababu watu wanapenda kusema kwamba kampuni ya zamani ilitunza kila kitu. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kukalisha mfanyakazi pamoja na bibi na watoto ndani ya kampu. Kulikuwa na posho, dispansari, mizani ya kupimia watoto, na kantini ya kuwalisha. Lakini mpango wote ulisimama juu ya kitu kimoja ambacho hakikuandikwa popote: mwanamke yuko nyumbani. Bwana akitoka posti ya usiku, bibi ameamka, makala yamewaka, bukari iko tayari. Huduma ya usiku ya Katanga ilikuwa ni bibi mwenyewe, bila mshahara. Na wale mabwana wenyewe walilipwa vibaya mpaka wakagoma mwezi wa 12 mwaka 1941, na askari wakawapiga risasi uwanjani Élisabethville. Kule Portland mpango wa aina hiyo haukuwezekana, kwa sababu mtu wa posti alikuwa ni mama mwenyewe.

Basi wakajenga. Eleanor Roosevelt, bibi wa rais, anatajwa kati ya waliosukuma jambo hilo. Pesa ilitoka kwenye Komisyo ya meli ya serikali, na namna ilivyotoka ni muhimu kuielewa. Serikali ilikuwa inanunua meli kwa bei ya gharama zote pamoja na faida kidogo. Kaiser akaomba kreshi ihesabiwe kama gharama ya kujenga meli, sawa na korongo la kunyanyulia vyuma ao nyaya za umeme. Serikali ikakubali. Mtoto akaingia kwenye bei ya meli. Katika habari hii yote, hicho njo kitu kinachonishangaza zaidi, kuliko hata majengo.

Kulikuwa na watu waliopinga. Wataalamu wa ofisi ya serikali ya mambo ya watoto, pamoja na watu wa misaada wa mjini, walisema kreshi kubwa hivyo kwenye mlango wa kiwanda haifai, afazali vituo vidogo ndani ya mitaa, karibu na nyumba. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Mtoto wa mtaani anajua mtaa wake. Lakini fanyeni hesabu ya safari. Kituo kikiwa mtaani, mama anatoka nyumbani, anapeleka mtoto kituoni, anatafuta gari la kwenda shantye. Akitoka saa sita ya usiku anarudi mtaani kwa gari la watu watano, na wale wanne wanamngoja nje akimfunika mtoto blanketi. Siku ya tatu hawamngoji tena. Kituo kikiwa mlangoni mwa kazi, mtoto na mama wanasafiri safari moja kwenda na moja kurudi. Usafiri wa usiku ni rahisi kuupanga kwa watu wazima peke yao. Ukiongeza mtoto, kila kituo cha njiani kinakuwa mzigo.

Kwa hiyo vituo viwili, kimoja Oregonship na kimoja Swan Island, viliwekwa pale mfanyakazi anapopita. Nyumba ilikuwa na umbo la gurudumu: vyumba 15 vya kuchezea kuzunguka kiwanja cha ndani chenye majani na vidimbwi vya kuogelea watoto, mbali na magari. Upande wa nje kulikuwa na madirisha makubwa, mtoto anaweza kuona korongo za shantye na kujua mama yuko wapi. Sinki na vyoo viliwekwa chini, kwa urefu wa mtoto. Bafu za kuogeshea ziliwekwa juu, ili mlezi asiiname mgongo ukamwuma. Waliopanga hivyo walijua kwamba mlezi wa usiku naye ni mtu wa posti.

Walipokea watoto wa miezi 18 mpaka miaka 6. Bei ilikuwa dola 5 kwa wiki ya siku sita kwa mtoto wa kwanza, na dola 3 na senti 75 kwa kila mtoto anayefuata. Mchomeleaji aliyekomaa kwenye shantye za pwani ile alipata dola 1 na senti 20 kwa saa. Mtoto mmoja, basi, alimgharimu mama masaa manne na kidogo ya kazi kwa wiki nzima. Wawili, masaa saba na kidogo, yaani bado chini ya posti moja. Bei hiyo haikufunika gharama. Ilibaki nyingine nyingi, na hiyo ndiyo iliingia kwenye meli.

Kwa sababu ya ile njia ya kulipa, waliweza kuita walezi waliosoma. Aliyeshauri kila kitu alikuwa Lois Meek Stolz, mtaalamu wa makuzi ya watoto. Aliyesimamia vituo kila siku alikuwa James Hymes. Walikusanya walimu karibu mia moja waliosomea watoto wadogo, kutoka vyuo vya nchi nzima. Kulikuwa na chumba cha wagonjwa chenye muuguzi, na vijumba vidogo vya kumtenga mtoto mwenye mafua ao homa ndogo. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lilijibu ile shida ya kwanza ya daftari. Kreshi ya kawaida inamkataa mtoto mwenye mafua, na siku hiyo mama hafanyi kazi. Kreshi inayokubali mafua inaokoa siku ya kazi, mradi iwe na mlango mwingine na mtu mwingine, la sivyo wiki inayofuata watoto wote wanakohoa.

Halafu chakula. Miriam Lowenberg, mtaalamu wa lishe, aliongoza jiko. Watoto walikula chakula moto na vitafunio viwili, na waliofika mapema sana walipewa chai ya asubuhi. Lakini jiko hilo lilikuwa na kazi ya pili. Mama aliweza kuagiza mapema chakula kilichopikwa, na akitoka posti anachukua mtoto kwa mkono mmoja na chakula kwa mkono mwingine. Kiliambatana na karatasi ndogo ya kueleza namna ya kukipasha moto na kitu gani cha kuongeza pembeni. Kuagiza mapema ndio siri ya kazi hiyo. Chakula cha usiku kinachopikwa kwa kubahatisha kinabaki, na kikibaki kinaoza, na hasara inaua huduma ndani ya wiki mbili. Jiko la Lowenberg lilijua jana idadi ya sahani za leo. Tena lilikuwa linafanya kazi tayari kwa ajili ya watoto. Moto umewaka, wapishi wako, masufuria ni makubwa. Sahani ya mama iliongeza kidogo tu juu ya gharama iliyopo.

Tuchukue sasa mama mmoja wa mfano, tusimtafutie jina. Ana mtoto wa miaka mitatu, na yuko posti ya pili. Alasiri anafika mlangoni na mtoto. Muuguzi anamtazama mtoto koo na ngozi mbele hajaingia ndani. Mama hajaondoka bado, kwa hiyo jambo likionekana wanaamua pamoja. Mtoto anacheza, anakula chakula cha jioni, anaoga, anavaa nguo za kulala, analala kwenye kitanda chake. Usiku wa manane mama anatoka, amevaa bado viatu vya kazi. Sahani aliyoagiza iko tayari. Anamwamsha mtoto, ao anambeba akiwa amelala, wanaingia kwenye gari la watu watano. Nyumbani mtoto analala tena. Asubuhi inakuwa ya mama na mtoto, na hakuna haja ya kukimbilia bucha.

Mmeona kasoro? Ni pale pa kumwamsha. Mtoto analala mara mbili katika usiku mmoja. Kwa posti ya pili watu walivumilia. Posti ya tatu, ile Waamerika waliyoiita posti ya makaburi, ilikuwa kitu kingine. Ukitazama nani alijaza vituo, ni posti ya mchana kwanza, na usiku ulibaki na wachache. Mama wa posti ya tatu anaweza kumlaza mtoto nyumbani chini ya macho ya bwana, ya bibi mzee ao ya jirani, kwa sababu mtoto anayelala hana kazi nyingi. Shida yake inaanza saa mbili ya asubuhi, anaporudi na macho mekundu na mtoto ameamka na nguvu zote. Yeye anahitaji kreshi ya mchana, ili alale. Ukijenga huduma ya usiku bila kuuliza swali hilo, utaweka vitanda pale ambapo watu walitaka viti vya kuchezea.

Na mwanzo ulikuwa wa polepole. Wamama hawakukimbia kuleta watoto wao siku ya kufungua. Waliogopa nyumba kubwa ya watu wasiowajua. Ilichukua karibu mwaka mzima kufika watoto elfu moja hivi katika vituo vyote viwili. Mpaka mwisho, watoto 3,811 walipita pale.

Sasa ile sababu yangu. Yaya wangu ni muuguzi kwenye lopitali moja ya hapa kwetu, sitaitaja. Gade yake inaanza saa kumi na mbili ya jioni na inaisha saa moja ya asubuhi. Yeye na wenzake kumi na moja, wote wana watoto chini ya miaka sita, waliomba chumba ndani ya kiwanja cha lopitali cha kulazia watoto usiku wa gade. Waliniita mimi kwa sababu nimesoma istwari na wanafikiri mtu aliyefika univerzite anajua kuandika projet. Sawa, nikaandika. Lakini mbele ya kuandika, tulifanya hesabu, na Portland ilinisaidia kuona wapi inakatika.

Watoto ni 12. Kila mama anafanya gade usiku mmoja kati ya minne. Kwa hiyo usiku wowote, wanaolala pale si 12, ni watatu. Walezi lakini hawawezi kuwa chini ya wawili: mmoja akikimbia na mtoto mwenye degedege kwa daktari, mwingine anabaki na waliolala. Na mmoja lazima awe macho usiku wote. Tuseme kila mlezi analipwa dola 5 kwa usiku. Dola 10 zigawanywe kwa watoto watatu, ni zaidi ya dola 3 kwa kila mtoto kila usiku, mbele hujanunua hata sabuni. Walezi wale wale wawili wanaweza kutunza watoto wanane bila hatari, na hapo ni dola 1 na senti 25. Kinachobadilisha bei si ukarimu wa mtu, ni vitanda vingapi vimejaa. Portland ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi nyuma ya mlango mmoja. Sisi tuna wamama 12.

Nilipendekeza tufungue mlango kwa wengine: wamama wa usafi wa lopitali, na wale wauza mboga wanaoondoka saa tisa ya usiku kwenda kupokea malori. Yaya alinisikiliza, kisha akasema, "Mdogo, mama wa mboga akileta mtoto saa tisa, ataamsha wale watatu. Na mlezi atafungua geti kwa nani usiku huo?" Alikuwa na haki. Kuingia na kutoka katikati ya usiku ni jambo lenye gharama yake: taa, kelele, usalama wa mlango, na mtoto mgeni analia. Portland walikuwa na saa maalum za kubadilisha posti, watu wote kwa pamoja. Tukaamua mlango ufunguliwe mara mbili tu, jioni mbele ya gade na asubuhi baada yake, na wamama wa mboga wapangiwe chumba kingine siku kukiwa na pesa.

Yeye ndiye alileta wazo ambalo sikulipata kwenye kitabu. "Mbele ya kuomba chumba, tuombe orere." Orere ya gade inatengenezwa na mkubwa mmoja mwenye kalamu. Akipanga wamama sita wenye watoto usiku mmoja, na usiku unaofuata wasiwe na mama hata mmoja, chumba kinafunguliwa nusu ya siku na kinajaa. Usiku miwili kati ya minne, watoto sita kila mara, walezi wale wale. Dola 10 kwa watoto sita, ni dola 1 na senti 67 hivi. Bei imeshuka nusu bila kujenga kitu. Njia hiyo ina hatari yake: surua ikiingia kwa watoto wa kundi moja, lopitali inapoteza wauguzi sita kwa usiku mmoja. Niliandika hilo pia ndani ya projet, sababu afazali waliosoma karatasi walione kwetu kuliko kuligundua wenyewe.

Kuna mmoja kati ya wakubwa aliyetuuliza kwa nini lopitali ilipe wakati kila mama anaweza kumwita mdogo wake wa kijijini alale na mtoto. Ni swali la Union Minière lilelile: kuna mwanamke nyumbani, bila mshahara. Tofauti ni kwamba sasa ni kasichana ka miaka kumi na mbili kalikotolewa shuleni. Jibu nililoandika lilikuwa la Kaiser: tuhesabu gade zilizokosekana katika miezi mitatu, na tuone lopitali ilimlipa nani kuziba nafasi na kwa bei gani. Daftari ya gade iko palepale. Projet bado iko juu ya meza ya mkubwa huyo.

Nimalizie Portland. Kufunga ilikuwa haraka kuliko kufungua. Wajapani walikubali kushindwa katikati ya mwezi wa 8 mwaka 1945, na mwanzoni mwa mwezi wa 9 vituo vyote viwili vilikuwa vimefungwa. Hakuna aliyesema vilifanya kazi mbaya. Meli hazikuagizwa tena, na gharama ya mtoto ilikuwa ndani ya bei ya meli. Meli ikiisha, mtoto anaisha. Wanawake waliachishwa, wanaume walirudi, na wale wamama walioendelea kufanya kazi za usiku kwenye mahoteli na malopitali ya mji walirudia jirani na bibi mzee. James Hymes aliendelea na mambo ya watoto maisha yake yote. Miaka ishirini baadaye alikuwa kati ya wataalamu waliopanga mradi wa Head Start, ambao serikali ya Amerika iliuanzisha mwaka 1965 kwa watoto wa maskini. Ulianza kwa wiki nane za likizo, masaa machache ya mchana. Usiku haukuwemo.